SOMO LA KIHISPANIA KWA WATU WAZIMA: HESABU, TAREHE NA SAA

Leo tutajifunza namna ya kusema hesabu katika Kihispania: bei ya kitu, nambari ya simu, mwaka, tarehe, na mwishoni saa. Mwenye daftari na alifungue. Maneno yote nitakayosema yamepigwa chapa katika karatasi hii, na kando ya neno gumu nimeandika jinsi linavyotamkwa kwa herufi zetu za Kiswahili.

Kihispania husemwa Hispania, na katika nchi nyingi za Amerika, na hapa Afrika pia husemwa katika Guinea ya Ikweta. Mifano yetu ya leo tutaitoa katika mji wa Las Palmas, ulio katika Visiwa vya Kanari. Visiwa hivi ni vya Hispania, lakini viko baharini karibu na pwani ya Afrika, upande wa magharibi. Las Palmas una bandari kubwa, na mabaharia wa mataifa mengi hupita pale.

Basi tuanze na hesabu. Sikilizeni, kisha mseme pamoja nami. Moja ni uno. Mbili, dos. Tatu, tres. Nne, cuatro (kwatro). Tano, cinco (sinko). Sita, seis. Saba, siete. Nane, ocho. Tisa, nueve (nwebe). Kumi, diez (dies). Katika sehemu kubwa ya Hispania bara utasikia cinco na diez zikitamkwa kwa ulimi kugusa meno, kama sauti ya kwanza katika neno letu thelathini. Lakini Las Palmas, na kote Amerika, hutamka s. Njia zote mbili ni sahihi. Sisi tutafuata s, kwa kuwa ni nyepesi.

Kutoka kumi na moja mpaka kumi na tano yako majina matano yasiyofuata kanuni. Haya hayana dawa ila kuyashika kwa moyo: once (onse), doce (dose), trece (trese), catorce (katorse), quince (kinse). Baada ya hapo mambo yanakuwa mepesi. Kumi na sita ni dieciséis (diesiseis), yaani “kumi na sita” iliyounganishwa ikawa neno moja.

Sasa makumi. Ishirini ni veinte (beinte). Thelathini, treinta. Arobaini, cuarenta (kwarenta). Hamsini, cincuenta (sinkwenta). Sitini, sesenta. Sabini, setenta. Themanini, ochenta. Tisini, noventa (nobenta). Hapa simameni kidogo. Sesenta na setenta zinatofautiana kwa sauti moja tu, na katika soko lenye kelele ni rahisi kuzichanganya. Sisi wenyewe tuna sitini na sabini zinazofanana. Ili usipotee, kumbuka kwamba seis haina t, na sesenta inaanza na se-se. Siete ina t, na setenta inaanza na se-te. Muuzaji akikutajia bei yenye neno mojawapo kati ya haya, lirudie mbele yake kabla ya kutoa fedha.

Kwa kuunganisha makumi na mamoja, Kiswahili chetu kinatusaidia. Sisi husema thelathini na tano. Wao husema treinta y cinco. Ile y, inayotamkwa i, ndiyo “na” yetu. Sitini na nane ni sesenta y ocho. Ishirini peke yake huungana ikawa neno moja: ishirini na moja ni veintiuno (beintiuno), ishirini na mbili ni veintidós (beintidos), na kuendelea.

Lakini ile “na” tusiitumie kila mahali. Sisi husema mia moja na tano. Mhispania hasemi y baada ya mia. Yeye husema ciento cinco (siento sinko), mia tano bila “na”. Kanuni ni hii: y hukaa kati ya makumi na mamoja tu, pengine popote haiingii. Mia moja kamili ni cien (sien). Ikifuatwa na hesabu ndogo huwa ciento. Mia mbili ni doscientos (dosientos), mia tatu ni trescientos, na hivyo hivyo, ila tatu ni zenye ukaidi: mia tano ni quinientos (kinientos), mia saba ni setecientos, na mia tisa ni novecientos. Elfu moja ni mil tu. Hawasemi “moja” pamoja nayo.

Sasa twende dukani. Fedha ya Hispania ni yuro. Noti na sarafu zake zilianza kutumika mwaka 2002, badala ya fedha ya zamani iliyoitwa peseta. Yuro moja ina senti mia. Ukitaka kuuliza bei, sema: ¿Cuánto cuesta? (kwanto kwesta), yaani, “Ni kiasi gani?”

Tazama kibandiko cha bei kilichoandikwa 12,50. Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Kule Hispania mkato ndio unaotenga yuro na senti. Basi 12,50 ni yuro kumi na mbili na senti hamsini. Muuzaji atasema doce con cincuenta. Con maana yake “pamoja na”. Pengine atasema kwa kifupi, doce cincuenta.

Na nukta je? Katika bei nyingi za Hispania nukta hutenga maelfu. Ukiona 1.250 dirishani mwa duka, usifurahi ukadhani ni yuro moja na robo. Ni mil doscientos cincuenta, yaani elfu moja mia mbili na hamsini. Sisi tumezoea kinyume chake: mkato kwa maelfu, nukta kwa senti. Mexico nao huandika kama sisi. Kwa hiyo hesabu tarakimu zilizo baada ya alama. Katika bei, zikiwa mbili, ni senti. Zikiwa tatu, ni maelfu.

Tuje katika simu. Nambari ya simu ya Hispania ina tarakimu tisa. Mara nyingi husomwa tatu za kwanza, kisha zilizobaki mbili mbili. Simu za nyumbani na za ofisini kule Las Palmas nyingi huanza na 928. Tarakimu hizo mtu husoma nueve dos ocho, au huzisoma kama hesabu nzima: novecientos veintiocho. Halafu huja zile jozi. Jozi 67 husomwa sesenta y siete. Jozi 05 husomwa cero cinco (sero sinko), kwa kuwa sifuri ni cero.

Wageni wengi hukosea katika jozi. Mtu akisikia sesenta y siete, mkono wake unaandika 60 kwa haraka, kisha anaongeza 7, ikawa 607. Dawa yake ni kungoja. Usiandike mpaka umesikia jozi yote. Ukiisha kuandika, hesabu tarakimu zako. Zikiwa kumi au zaidi, umeandika sifuri isiyokuwako. Zikiwa nane, moja imekupita. Msemaji akienda mbio, mwombe hivi: Número por número, por favor, yaani, “Moja moja, tafadhali.” Hapo atasoma kila tarakimu peke yake. Nambari ya kuomba msaada wa hatari, moto au ugonjwa wa ghafula, ni 112. Husemwa uno uno dos, au ciento doce.

Miaka sasa. Wale waliosoma Kiingereza wamezoea kuukata mwaka vipande viwili, kumi na tisa halafu sitini na nane. Mhispania hafanyi hivyo. Yeye husoma mwaka wote kama hesabu, sawasawa na sisi. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru wake kutoka Hispania mwaka 1968. Sisi husema elfu moja mia tisa sitini na nane. Wao husema mil novecientos sesenta y ocho. Linganisheni neno kwa neno: mil, elfu, novecientos, mia tisa, sesenta y ocho, sitini na nane. Mpangilio ni mmoja. Mwaka 2002 ni dos mil dos. Na katika kuandika mwaka hawatii nukta wala mkato.

Tarehe nayo huenda kama yetu: siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Siku ile ya uhuru ilikuwa tarehe 12 Oktoba, nao husema el doce de octubre de mil novecientos sesenta y ocho. Neno de hapa ni kama “ya” au “wa” yetu, nalo hurudiwa mara mbili. Siku ya kwanza ya mwezi sisi huiita tarehe mosi, wala si tarehe moja. Wahispania wa Amerika wana desturi kama hiyo: husema primero, “ya kwanza”, wala si uno. Hispania zote mbili husikika.

Miezi mingi mtaitambua mara moja: enero, febrero, marzo, abril, mayo, junio, julio, agosto, septiembre, octubre, noviembre, diciembre. Ile j ya junio na julio hutamkwa kama h yetu katika neno habari: hunio, hulio. Bara hutamkwa kwa nguvu zaidi, karibu na kh.

Siku za juma zataka uangalifu. Majina yetu yana hesabu ndani yake. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu. Majina ya Kihispania hayana hesabu ndani yake, na juma lao huanza Jumatatu. Basi Jumatatu ni lunes, Jumanne martes, Jumatano miércoles, Alhamisi jueves (hwebes), Ijumaa viernes (biernes), Jumamosi sábado, Jumapili domingo. Mtu akikuambia “siku ya tatu ya juma”, kwake hiyo ni miércoles, Jumatano, wala si Jumatatu. Ni afadhali kutaja jina la siku.

Sasa tumefika penye jambo lililo kubwa kuliko yote katika somo la leo, nalo ni saa. Hapa Mswahili anaweza kupotea kuliko mgeni mwingine. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Ikipita saa moja tangu kucha, ni saa moja. Wahispania huanza kuhesabu saa sita za usiku na saa sita za mchana. Kwa hiyo hesabu yao na yetu hutofautiana kwa saa sita siku zote.

Kanuni ya kubadili ni nyepesi. Hesabu ya Kihispania ikizidi sita, toa sita. Ikiwa sita au pungufu, ongeza sita. Ocho ni nane. Toa sita, zabaki mbili: saa mbili. Dos ni mbili. Ongeza sita: saa nane. Mwenye saa ya mkono anaweza kuitazama: tarakimu iliyo mkabala na ile ya Kihispania ndiyo saa yetu. Mkabala na 8 ni 2. Mkabala na 12 ni 6.

Wao husema Es la una kwa saa ya uno, kwa kuwa ni moja, na Son las dos, Son las tres kwa zilizobaki. Robo ni cuarto (kwarto), nusu ni media. Son las ocho y cuarto: saa mbili na robo. Son las ocho y media: saa mbili na nusu. Na furahini kusikia kwamba kasorobo wanayo vilevile! Menos maana yake “kasoro”. Son las ocho menos cuarto ni saa mbili kasorobo. Son las ocho menos veinte ni saa mbili kasoro dakika ishirini. Katika nchi nyingi za Amerika utasikia pia un cuarto para las ocho, yaani, “robo kuifikia nane”; maana ni ile ile.

Kisha huongeza wakati wa siku. De la madrugada ni usiku wa manane mpaka alfajiri. De la mañana (manyana) ni asubuhi. De la tarde ni baada ya adhuhuri, alasiri na jioni, vyote pamoja. De la noche ni usiku. Maneno haya msiyaache yapite, maana bila hayo hamjui kama ocho ni ya asubuhi au ya usiku.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Baharia wa Tanga ameshuka Las Palmas kununua vitu mjini. Siku ni Jumatano. Bwana wa ofisi ya meli anamwambia: El barco sale mañana, jueves, a las ocho de la noche. Maana yake, “Meli inaondoka kesho, Alhamisi, saa mbili ya usiku.”

Baharia anazijua hesabu zake. Amesikia ocho, akajua ni nane. Amesikia noche, akajua ni usiku. Akiziunganisha kwa desturi ya kwao, anapata saa nane ya usiku. Atakwenda kulala mjini kwa raha, aje gatini usiku wa manane. Atakapofika, meli itakuwa imekwisha kwenda saa sita kabla. Nguo zake na mshahara wake viko melini, naye amebaki ugenini. Hakukosea neno hata moja. Alichosahau ni kutoa sita.

Tena katika maneno yale mlikuwa na mtego mwingine. Neno mañana lina maana mbili: “kesho” na “asubuhi”. Likisimama peke yake, kama hapa, ni kesho. Likitanguliwa na la, ni asubuhi. Wakitaka kusema kesho asubuhi, hulitumia mara mbili: mañana por la mañana.

Je, baharia yule angefanya nini ajilinde? Angerudia saa kwa njia ya pili. Katika tiketi na vituo vya safari, Wahispania huhesabu saa ishirini na nne za siku nzima. Saa ya ocho ya usiku huandikwa 20:00. Basi angeuliza, ¿A las veinte horas? Bwana yule angejibu Sí, “Ndiyo”, au angemsahihisha. Au angeandika 20:00 katika karatasi na kumwonyesha. Kubadili saa ya namna hii, kwanza toa kumi na mbili kama imezidi kumi na mbili, kisha fuata kanuni yetu ya sita. Ishirini toa kumi na mbili, ni nane. Nane toa sita, ni mbili. Saa mbili ya usiku.

Jambo la mwisho kabla ya mazoezi. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule utangulia Ijumaa. Wahispania hubadili siku saa sita za usiku. La noche del viernes kwao ni usiku unaofuata baada ya Ijumaa kwisha kuchwa, ambao mzee wa pwani huuita usiku wa Jumamosi. Kwa hiyo ukipanga safari ya usiku, taja tarehe pamoja na jina la siku.

Sasa fanyeni mazoezi haya katika madaftari yenu, msitazame majibu kwanza. La kwanza: michezo ya Olimpiki ilifanyika Barcelona mwaka 1992, usome mwaka huo kwa Kihispania. La pili: kitanda kina bei 1.500 Las Palmas. Isome bei hiyo. La tatu: umeambiwa uje a las diez y media de la mañana, ni saa ngapi kwetu? La nne: tiketi imeandikwa 21:15; ni saa ngapi kwetu, na Mhispania angeisemaje kwa mdomo?

Majibu ni haya. La kwanza: mil novecientos noventa y dos. La pili: mil quinientos, yaani yuro elfu moja mia tano. La tatu: saa nne na nusu asubuhi. La nne: saa tatu na robo usiku, kwa mdomo, las nueve y cuarto de la noche. Aliyekosa la tatu au la nne na arudie ile kanuni ya sita, kisha ajaribu saa zote kumi na mbili, moja moja, akitazama uso wa saa.

Somo lijalo tutajifunza kuuliza njia mjini. Kwaherini.